Cherehani inaruka uzi: maneno yanayoifanya video ya fundi itafutwe miaka mingi

Tuseme ni saa tatu usiku katika kijiji kimoja cha Ukerewe. Mama mmoja ana sare sita za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili, na cherehani yake imeanza kuruka uzi. Fundi anayemwamini yuko Mwanza, na kivuko ni mpaka kesho. Anachukua simu, anafungua YouTube na kuandika haraka haraka, kwa herufi ndogo: cherehani inaruka.

Mabatini, jijini Mwanza, yupo fundi aliyekwisha kurekodi dakika sita zinazojibu swali hilohilo. Amechomoa sindano mbele ya kamera, akaonyesha ilivyopinda, akaweka nyingine, akashona mstari ulionyooka. Kazi nzuri kabisa. Ila video ameiita "FUNDI WA MABATINI SEHEMU YA 7: TAZAMA MAAJABU!!!" na sehemu ya maelezo ameiacha tupu. Wawili hao hawatakutana.

Makala hii inamhusu fundi huyo, na yeyote kati yenu wasikilizaji anayerekodi mafunzo kwa simu, iwe ya ushonaji, pikipiki, kuku au mapishi. Tutakaa na mfano wa cherehani mpaka mwisho, kwa sababu ukiuelewa mmoja mengine utayafuata.

Video ya habari na video ya somo

Video ya habari au ya kichekesho hutazamwa sana siku za mwanzo, kisha hupoa. Watu huiona kwa sababu YouTube imewawekea mbele yao au rafiki kawatumia WhatsApp. Video ya somo huenda kinyume. Wiki ya kwanza inaweza kutazamwa na ndugu zako tu. Lakini cherehani zitaendelea kuruka uzi mwakani na mwaka utakaofuata, na kila inaporuka kuna mtu anayeandika swali. Huyo hakujui, hajajiunga na chaneli yako, wala hana haja na sehemu ya 7. Ana tatizo, na njia pekee ya kumfikia ni maneno anayoandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia.

YouTube wenyewe wameeleza kwamba majibu ya utafutaji hupangwa kwa mambo makubwa matatu. La kwanza ni jinsi kichwa, maelezo, lebo na yaliyomo kwenye video yanavyolingana na maneno ya mtafutaji. La pili ni jinsi watu wanavyoitazama video hiyo wakishaifungua baada ya kuandika maneno hayo. La tatu ni ubora na uaminifu wa chaneli katika mada husika. Mawili ya mwisho yanahitaji muda. La kwanza unaweza kulishughulikia leo jioni.

Andika ugonjwa, usiandike dawa

Hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa. Fundi akisikia cherehani inaruka uzi, kichwani mwake kinachokuja ni chanzo: sindano butu, sindano imewekwa kinyume, taimingi imehama. Kwa hiyo huita video "Jinsi ya kuseti taimingi". Lakini mama wa Ukerewe hajui kama tatizo ni taimingi. Angejua, asingekuwa anatafuta. Yeye anajua anachokiona tu: mshono una mapengo. Anachoandika ni dalili, na dalili ndiyo inayotakiwa kukaa kwenye kichwa cha video. Chanzo kitajwe baadaye kwenye maelezo, kwa ajili ya fundi mwenzako anayelijua jina lake.

Namna rahisi ya kuzipata dalili ni daftari. Liweke karibu na meza ya kazi kwa wiki mbili, na kila mteja anapoingia na cherehani au kupiga simu, andika maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyasahihisha. Utaona yanajirudia: "inaruka uzi", "inakata uzi", "inarundika nyuzi chini", "haivuti kitambaa", "imekuwa nzito kukanyaga". Kila moja ya sentensi hizo ni video inayojitegemea. Ukizijibu zote tano ndani ya video moja ya dakika arobaini, anayetafuta moja tu atachoka kabla hujamfikia, na bando lake litakuwa limekwisha.

Kisanduku chenyewe kinakuambia

Daftari linakupa maneno ya wateja wa Mabatini. Sasa unataka kujua wa Geita, Tabora, Mombasa na Bukavu wanaandika nini. Fungua YouTube, andika neno "cherehani", kisha usibonyeze kutafuta. Chini yake yatashuka mapendekezo. Mapendekezo hayo hutokana na mambo ambayo watu wameyatafuta kweli, kwa hiyo kila mstari unaoshuka ni ushahidi kwamba swali hilo huulizwa.

Yaandike yote, kisha endelea kwa kuongeza herufi moja moja: "cherehani a", "cherehani b", na kuendelea. Kwa Kiswahili herufi yenye mavuno kwa kazi ya namna hii ni i, kwa sababu dalili za kitu kama cherehani huanza na i: inaruka, inakata, inapiga kelele, imekaza. Jaribu na h, maana mengine ni ya kukana: haishoni, haivuti. Kisha geuza mpangilio, anza na "jinsi ya kutengeneza cherehani", "kwa nini cherehani", "fundi cherehani". Kazi hii haili bando kubwa, mradi usifungue video.

Kuna mtego mmoja. Mapendekezo huathiriwa na mahali ulipo na mambo ambayo simu yako imewahi kutafuta. Kama wiki nzima umekuwa ukitafuta vitenge, simu itakuonyesha vitenge. Fungua kivinjari katika hali fiche, ile isiyotunza kumbukumbu, nenda youtube.com bila kuingia kwenye akaunti yako, kisha rudia. Au azima simu ya jirani ambaye hana habari na cherehani.

Wapo wanaoshauri kutumia vifaa vya mtandaoni vinavyoonyesha idadi ya watu wanaotafuta neno fulani kila mwezi. Kwa Kiswahili nina mashaka navyo. Hata Google Trends, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuchagua nchi Tanzania na kuchagua utafutaji wa YouTube peke yake, mara nyingi hukuambia haina takwimu za kutosha ukiiandikia sentensi ndefu ya Kiswahili. Hiyo haina maana kwamba hakuna anayetafuta. Maana yake ni kwamba wanaotafuta hawajafikia kiwango cha kuchorewa mstari. Google Trends inafaa kwa kulinganisha maneno mafupi mawili, kwa mfano cherehani na charahani, ujue lipi linaandikwa zaidi. Kwa sentensi ndefu, amini kisanduku na daftari.

Kiswahili kina vigingi vyake

Ushauri mwingi wa jambo hili umeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na humo neno hubadilika kidogo tu. Kiswahili hubeba mambo mengi ndani ya neno moja. Mtu anaandika inaruka, mwingine inarukaruka, mwingine kuruka uzi. Kwa binadamu hayo ni mamoja, ila usitegemee kwamba mashine itayaunganisha kila mara. Ukiandika kichwa cha kitaaluma kama "Urukaji wa uzi katika cherehani" utakuwa umechagua umbo ambalo karibu hakuna mtu anayeliandika kwenye simu.

Njia ni kuliweka kwenye kichwa lile umbo lililojitokeza zaidi kwenye mapendekezo, halafu kuyatumia mengine ndani ya sentensi za kawaida kwenye maelezo.

Kisha kuna tahajia. Cherehani, charahani, cherahani: yote yanaandikwa. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tusijifiche, wengine wetu huandika kama tunavyotamka, na r na l hubadilishana viti, ikawa "chelehani inaluka". Usiandike kichwa cha video kwa makosa hayo, kwa kuwa msomaji atakushuku. Mahali pake ni kwenye lebo, yale maneno ya siri unayoyajaza wakati wa kupakia video, yenye nafasi ya herufi 500. YouTube wamesema wazi kwamba lebo zina mchango mdogo sana siku hizi, isipokuwa pale ambapo mada yako ni neno ambalo watu hulikosea mara kwa mara. Sisi tuko hapohapo kwenye isipokuwa.

Angalia waliokutangulia

Umeshapata maneno. Kabla ya kurekodi au kubadilisha kichwa, yatafute na uzisome video tano za juu. Angalia lugha yake, tarehe yake, na kama kweli zinajibu. Mara nyingi kwa maswali ya ufundi kwa Kiswahili utakuta moja inajibu vizuri, moja ni ya Kihindi au Kiingereza, na zilizobaki zinaongelea jambo la jirani. Hapo pana nafasi. Ukikuta tano zote ni za Kiswahili, ndefu, safi, zina watazamaji wengi, punguza eneo lako. Badala ya cherehani kwa ujumla, sema cherehani ya miguu ya Butterfly, ile nyeusi iliyojaa kwenye nyumba nyingi, au sema inaruka uzi kwenye jinsi tu.

Soma na maoni yaliyo chini ya video hizo. Mtu anayeandika "asante fundi, ila yangu inarukia kwenye kitambaa kizito tu, nifanyeje?" na hajajibiwa, amekupa kichwa cha video yako inayofuata.

Kuandika kichwa na maelezo

Turudi kwa fundi wetu. Kichwa cha YouTube kinaruhusu herufi 100, lakini kwenye simu ndogo mwisho wake hukatwa. Kwa hiyo dalili ianze. Jina la chaneli halina haja ya kuwa kwenye kichwa, tayari linaonekana chini yake. Badala ya maajabu yake, anaandika:

"Cherehani inaruka uzi: jinsi ya kurekebisha mwenyewe (Butterfly na Singer za miguu)"

Dalili ipo mwanzoni kama inavyoandikwa na mtafutaji. Maneno "jinsi ya kurekebisha" yanamkamata anayeanza na hayo. Aina ya cherehani inamhakikishia mtu kwamba hii ni ya kama yake, na inamwondoa mapema mwenye cherehani ya umeme ya kiwandani. Kumwondoa huyo ni faida, tutaona kwa nini.

Maelezo yanaruhusu herufi 5,000, lakini kinachoonekana kabla mtu hajagusa kusoma zaidi ni kama mistari miwili ya kwanza. Wengi huijaza na "Karibuni kwenye chaneli yetu, usisahau kusubscribe". Mistari hiyo miwili iseme tatizo na jibu. Fundi wetu anaweza kuandika hivi:

"Kama cherehani yako inaruka uzi na mshono unaacha mapengo, mara nyingi kosa liko kwenye sindano. Hapa utaona namna ya kukagua sindano iliyopinda au butu, kuiweka upande sahihi na kuchagua namba inayofaa kitambaa.

Cherehani inarukaruka pia pale sindano isipopanda mpaka mwisho wa tundu lake, au upande wake bapa usipoelekea kule ndoano ya bobini inakopita. Kwa kitenge cha kawaida natumia sindano namba 14, kwa jinsi namba 16. Ukibadilisha sindano na bado uzi unaruka, huenda taimingi imehama. Hiyo sikuigusa kwenye video hii."

Umeona alichofanya? Neno cherehani limejirudia pale tu sentensi ilipolihitaji. Maumbo mawili ya dalili yametumika. Sindano, bobini, kitenge, jinsi na taimingi yametajwa kwa kuwa ndiyo yaliyomo. Na amesema kisichokuwemo, jambo ambalo wengi huogopa. Mwenye tatizo la taimingi ataondoka akiwa ameokoa bando lake, na atamwamini fundi huyu akirudi na video ya taimingi.

Usifanye kosa la kumwaga orodha ya maneno thelathini chini ya maelezo: cherehani, fundi, mishono, vitenge, Diamond, Simba na Yanga. Kurundika lebo kwenye maelezo ni kinyume cha sheria za YouTube kuhusu udanganyifu, na video inaweza kuondolewa. Hata isipoondolewa, inaletewa watu wasiohusika.

Baada ya maelezo, weka alama za muda. Hizi huigawa video katika sura, na mtu anaweza kugusa akaenda moja kwa moja anapotaka. Masharti ni machache: ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe angalau tatu, zifuatane kwa mpangilio, na kila sura iwe na sekunde 10 au zaidi. Ukikosea moja, sura hazijitokezi.

```
0:00 Cherehani inaruka uzi: dalili
0:35 Kukagua sindano iliyopinda
1:50 Upande sahihi wa kuweka sindano
3:20 Sindano namba 14 au 16?
4:40 Kujaribu kwenye kitambaa
```

Na majina ya sura nayo ni maneno ya kutafutwa. Aliyeandika "sindano namba 16" anaweza kuifikia video hii hata kama cherehani yake haijawahi kuruka uzi.

Maneno yakitimia, video nayo itimie

Kichwa humleta mtu mlangoni. Akiingia akakuta muziki wa sekunde arobaini na salamu kwa ndugu wote, anatoka na kufungua video ya chini yake. Watu wengi wakifanya hivyo baada ya kuandika maneno yaleyale, YouTube inajifunza kwamba video yako haijibu swali hilo, na inaishusha. Ndiyo maana kumwondoa mapema mwenye cherehani ya kiwandani ni faida: angeingia na kutoka, na kutoka kwake kungekuhesabiwa.

Kwa hiyo sekunde za kwanza onyesha mshono wenye mapengo kwa karibu, na useme kwa mdomo maneno yaliyo kwenye kichwa. Mtazamaji anatazama, analinganisha na wake, anakaa.

Kusoma matokeo

Subiri. Mwezi mmoja wa kwanza usihukumu chochote. Baada ya hapo fungua programu ya YouTube Studio kwenye simu, ingia kwenye video hiyo, gusa Analytics, kisha tafuta sehemu inayoonyesha watazamaji wametoka wapi. Kuna mstari ulioandikwa YouTube search. Ukiugusa, utaona maneno yenyewe ambayo watu waliyaandika wakakufikia. Kama watazamaji bado ni wachache sana, orodha inaweza isionyeshwe.

Orodha hiyo ni bora kuliko makisio yote ya mwanzo. Tuseme fundi wetu anakuta wengi wamefika kwa kuandika "cherehani haishoni", maneno ambayo hakuyafikiria. Anayaongeza kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, kwa sentensi ya kweli, na anapanga video mpya yenye kichwa hicho. Akikuta wengi wameandika "cherehani inakata uzi", na yeye hakulijibu hilo, hapaswi kuchomeka maneno hayo kwenye video hii. Anarekodi nyingine.

Dalili za ugonjwa wa video nazo zinasomeka humo. Ikiwa imeonyeshwa kwa watu wengi lakini wanaoifungua ni wachache, kasoro iko kwenye kichwa au picha ya mbele. Ikiwa wanaoifungua ni wengi lakini muda wa wastani wa kutazama ni sekunde chache, kichwa kimeahidi kisichokuwemo, au mwanzo ni mrefu mno. Rekebisha kimoja kwa wakati, andika tarehe daftarini, subiri wiki kadhaa. Ukibadilisha kichwa, picha na maelezo siku moja, hutajua kipi kilisaidia.

Na usifute video ili uipakie upya yenye kichwa kizuri. Kichwa na maelezo hubadilishwa wakati wowote bila kupoteza idadi ya watazamaji, maoni wala kiungo ambacho watu wamekwisha kutumiana. Ukiifuta, vyote hivyo vinaondoka nayo, na unaanza na sifuri.

Kwa sababu hiyohiyo, mambo yanayobadilika yasikae ndani ya picha. Bei ya sindano, namba ya simu na mahali pa kibanda viandike kwenye maelezo, usivitamke kwenye video. Fundi akihama kutoka Mabatini kwenda Igoma, au akibadilisha laini, atafuta mstari mmoja na kuandika mwingine, na video ya miaka minne iliyopita itaendelea kumletea simu kwenye namba inayopatikana.